Mdogo Wangu Alianza na "Bado"

Wengine hudhani wivu ni wa wapenzi tu. Mimi wangu uliniotea darasani, katika chumba cha nyuma cha kanisa moja pale Eastleigh, nikiwa mtu mzima mwenye miwani ya kusomea na goti bovu. Aliyenitia wivu huo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tulichogombania ni kufundisha -na-, -li-, -me-, -ta- na -ja-. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kwanza nikueleze nilivyolipenda darasa lile.

Nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi nilikaa nyumbani miezi michache nikaona nitakufa kwa kutazama ukuta. Kanisa lilikuwa limewaachia watu wa mtaa chumba kimoja, Wakristo kwa Waislamu, na mratibu wa pale alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha Kiswahili cha kuanzia. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengi wao wanawake kutoka Ethiopia na Somalia, wenye meza na maduka kwenye majumba ya biashara hapo jirani. Walikuja alasiri, wakati wateja wamepungua, wakinukia udi na kitambaa kipya. Waliniita mwalimu. Baada ya miaka yote ya kuitwa madam na watoto waliokuwa wanasubiri kengele, neno hilo kutoka kwa watu wazima lilinikaa vizuri sana moyoni.

Kila muhula nilianza kwa kuchora jedwali. Nilikuwa na rula ndefu ya mbao na chaki za rangi, na mistari yangu ilinyooka. Juu niliandika kitenzi soma. Ninasoma: jambo liko mkononi sasa hivi. Nilisoma: limepita, limeachwa nyuma. Nimesoma: limekamilika, lakini matokeo yake yapo hapa tulipo. Nitasoma: liko mbele. Ili waione tofauti ya -li- na -me-, ambayo huwasumbua wengi, niliwaambia wafikirie mgeni. Mgeni alikuja, huenda ameshaondoka zamani. Mgeni amekuja, basi weka maji jikoni, kwa sababu yuko sebuleni.

Chini ya mstari huo nilichora mwingine wa kukanusha, na hapo ndipo watu huanza kufuta jasho. Ninasoma inakuwa sisomi, -na- inatoweka na a ya mwisho inageuka i. Nilisoma inakuwa sikusoma, -li- inampisha -ku-. Nitasoma inakuwa sitasoma, na hapo wanafunzi hupumua, kwa kuwa -ta- haijahama. Nimesoma nayo, ukitaka kusema kwamba jambo halijafanyika lakini bado linangojewa, inakuwa sijasoma. Hiyo -ja- niliiweka wiki ya mwisho ya muhula. Niliamini mtu hawezi kuzungumzia kisichofanyika kabla hajajua kusema kilichofanyika. Mwisho kabisa nilileta vitenzi vifupi: nimekula, nilikula, nitakula, zote ku- imeng'ang'ania, lakini ukifika kwa -ja- unasema sijala, sijanywa, sijaja, ku- imeachia.

Jedwali hilo lilikuwa zuri. Nasema hivyo leo na nitasema hivyo kesho.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeketi karibu na mlango, mama aliyeuza madera kwa jumla. Tulimwita mama wa madera. Alikuwa amenizidi umri kidogo, mtu wa heshima zake, mtulivu. Alinakili jedwali langu kwa mwandiko uliopendeza kuliko wangu, akapigia mistari chini kwa kalamu nyekundu. Lakini mdomo haukufunguka. Muhula mzima nilimwuliza maswali, naye aliinamisha uso, akatabasamu, akapekua kurasa. Nikihesabu labda alitamka "ndiyo mwalimu" na "asante mwalimu". Nilijiambia ulimi wake ni mzito, na kwamba umri nao unachangia. Hata hivyo nilimpenda, kwa sababu ya ule mwandiko.

Kisha goti likanishinda. Daktari aliniambia nipumzike, nisipande ngazi, nisisimame saa nyingi. Mratibu akauliza nani atashika darasa, na mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nikamtaja mdogo wangu. Alikuwa mwalimu wa chekechea huko Kayole, na shule yao ilitoka saa sita mchana. Nilimpa maagizo. Nilimwambia jedwali liko ubaoni, asilifute, aende nalo safu kwa safu.

Inafaa niseme mapema ukweli wa mambo ya ndugu. Tangu tukiwa wadogo, mimi ndiye niliyekuwa na akili na yeye ndiye aliyekuwa akipendwa. Wageni wakija, mimi nilitumwa kuleta cheti cha shule kionekane, yeye alipakatwa. Sikuwahi kumchukia kwa hilo, lakini sikuwahi kulisahau.

Goti lilipopoa kidogo nilirudi bila kumwambia mtu, nikishika mkongojo. Nilikuwa bado koridoni niliposikia kicheko. Si kicheko cha mtu mmoja, ni cha chumba kizima, cha wanawake waliojiachia. Kwangu hawakuwahi kucheka hivyo. Nilisimama hapo nje nikajifanya napumzisha goti.

Nilipochungulia, kitu cha kwanza nilichoona ni ubao. Ulikuwa mtupu, mweusi, umefutwa ukapanguswa na kitambaa cha maji. Kitu cha pili kilikuwa meko ya gesi juu ya meza yangu, na sufuria juu yake, na mdogo wangu amefunga leso kiunoni kama yuko jikoni kwake. Wanafunzi walikuwa wameacha madawati na kumzunguka. Aliuliza maji yamechemka? Wakajibu kwa pamoja kwamba hayajachemka. Akauliza wanafanya nini sasa, wakamwambia wanangoja, maji yanachemka. Akatia majani, akauliza amefanya nini, wakasema umetia majani. Sukari je? Bado, hujatia sukari. Alikuwa hajaandika kitu popote. Hata hivyo viambishi vilikuwa vinaruka kutoka kinywa hadi kinywa, na kila kimoja kilikuwa mahali pake.

Akamimina maziwa, akageuka kuchukua vikombe. Hapo mama wa madera, ambaye ulimi wake niliuona mzito, akainua mkono na kusema kwa sauti ya mtu anayesimamia duka, "Mwalimu, maziwa yatamwagika."

Yatamwagika. Ya- ya maziwa, -ta- ya wakati ujao, kila kitu. Mdogo wangu akazima moto mbio na chumba kikaangua kicheko tena. Kijiba cha roho nilikijua siku hiyo kinakaa wapi mwilini: kinakaa hapa, chini ya koo, na hakimezeki. Neno mwalimu lilikuwa limetamkwa, na halikuwa langu.

Nilipoingia walinishangilia, sitawasingizia. Walinipa kiti na kikombe cha chai. Chai ilikuwa tamu na niliinywa kwa uchungu.

Walipoondoka tulibaki wawili tukiosha vikombe. Nilimwuliza jedwali limekwenda wapi. Alisema alijaribu siku ya kwanza, akaona macho yao yanalegea, akalifuta. Alisema ameanza na -ja-. Nilidhani ananitania. Nilimwambia hakuna mtu duniani anayeanza Kiswahili na -ja-, ni sawa na kuanza kuvaa viatu kabla ya soksi. Hakukasirika. Huyo ndiye yeye, hakasiriki, nalo hilo huniudhi.

"Dada, hawa wakiamka asubuhi maswali wanayoulizwa jibu lake ni moja," aliniambia. "Kitambulisho kimetoka? Hakijatoka. Mtoto amepata shule? Hajapata. Mzigo umefika? Haujafika. Utawaanzishia na ninasoma kitabu?"

Nilitafuta kosa. Ninayo masikio ya mwalimu, na pale nje nilikuwa nimesikia mmoja akisema "jana sijaenda sokoni". Nilimrushia hilo. Nilimwambia jana imefungwa, mtu hawezi tena kungojea kwenda sokoni jana. Anayesema sijaenda bado ana nafasi ya kwenda. Kwa jana ni sikwenda, na -ku- hiyo ilikuwa kwenye jedwali, safu ya pili, kwa chaki ya samawati, kabla hajalifuta.

Alipangusa kikombe. Kisha akakubali. Alisema ni kweli, wamezoea -ja- hadi wanaitia kila mahali, naye ameshindwa kuwatoa hapo. "Nisaidie, dada. Wewe ndiye unayejua mpango wa hivi vitu."

Ningeweza kumsaidia siku ileile, na dawa ya kosa hilo naijua. Nilimwambia wakirudi kwangu watapona. Mtu akikufutia ubao wako, halafu akuombe chaki, wewe ungefanyaje?

Hawakurudi kwangu kirahisi. Mratibu alikuja nyumbani na maneno yaliyozungushwa zungushwa. Alisema wanafunzi wameuliza kama mdogo wangu anaweza kuendelea. Alisema nafasi ni moja. Alisema pia yeye hataki kuingia kati ya ndugu, na kwamba mwisho wa muhula utaamua. Tulifundisha zamu kwa zamu mpaka hapo, siku yangu na siku yake. Siku yangu jedwali lilirudi ubaoni. Siku yake lilifutwa. Wanafunzi walikuja siku zote mbili, lakini siku zake walikuja mapema.

Nilikuwa nalala nikiwaza jambo hilo. Nilijikuta nikipika chai nyumbani peke yangu na kusema maji hayajachemka, kwa sauti, nione kama kuna uchawi wowote ndani yake. Hakukuwa na uchawi. Nilimpigia mratibu simu kumkumbusha kwamba meko ya gesi ndani ya jengo la kanisa ni hatari. Alinishukuru kwa kujali usalama.

Mtihani wa kufunga muhula ulikuwa uleule wa kila mara. Sikuubadilisha hata nukta, na mratibu alikubali kwamba ndio kipimo cha haki kwa sababu ulikuwepo kabla ya ugomvi. Ulikuwa jedwali lenye nafasi wazi, na mwanafunzi alipaswa kuzijaza. Wale waliojiunga wakati goti langu linapona, ambao walianza na mdogo wangu, waliitazama karatasi kana kwamba imeandikwa Kichina. Mmoja alikuwa ananong'ona sentensi nzima nzima peke yake, sahihi kabisa, ila hakujua ziingie kisanduku kipi. Mdogo wangu alisimama nyuma ya chumba akiuma kucha.

Karatasi bora kuliko zote ilikuwa ya mama wa madera. Kila kisanduku kilijaa. Sisomi, sikusoma, sitasoma, sijasoma. Hata sijala na sijanywa, bila ku-. Niliichukua karatasi ile nikamwekea mratibu mezani. Nikamwambia huyu alianza na mimi, huu ni mkono wangu. Mratibu aliitazama muda mrefu, kisha akasema basi nitaendelea mimi. Nilirudi nyumbani siku hiyo na goti haliniumi kabisa. Mdogo wangu alinipigia simu kunipongeza, na pongezi zake zilikuwa za kweli, jambo ambalo lilinipunguzia utamu.

Muhula mpya ulipofunguliwa niliingia mapema, nikachora mistari yangu, nikapanga chaki. Walikuja watu wapya wachache. Wa zamani walikuja wawili. Nilikiacha wazi kiti cha karibu na mlango, nikamwambia kijana mmoja aliyetaka kukikalia kwamba kina mwenyewe. Mwenyewe hakuja. Wiki iliyofuata hakuja pia. Nilipouliza, mmoja wa wale wawili alinijibu bila hila yoyote, kwa furaha ya mtu anayejua jibu, kwamba mama wa madera anasoma Kayole, Jumapili, kwa yule mwalimu mwingine. Wengi wako huko. Hata yeye ataanza kwenda.

Kutoka Eastleigh hadi Kayole si mwendo wa kwenda kujifunza kitu ambacho mtu ameshakipasi. Hilo ndilo lililonizidi nguvu. Cheti ameshapata, jedwali lote analo kichwani, duka lake liko hatua chache kutoka kwenye ubao wangu. Alikuwa anatafuta nini huko?

Jumapili nilitoka kanisani nikajiambia naenda kumjulia hali mdogo wangu. Hakuna aliyeniuliza, nilijiambia tu. Anakaa kwenye ploti ya nyumba za kupanga si mbali na Spine Road, chumba cha chini, mlango wa bluu unaoachwa wazi kwa ajili ya joto. Viatu vilikuwa vimejaa nje, vya kike, vingine vya watoto. Nilisimama kando ya dirisha. Ndiyo, nilisikiliza dirishani kwa mdogo wangu, na siombi radhi.

Sauti iliyokuwa inazungumza ilikuwa ya mama wa madera. Alikuwa anasimulia. Hakuwa anajibu swali, alikuwa anasimulia, na wengine wamenyamaza. Jana hakufungua duka, alisema. "Jana sikwenda dukani. Mtoto wa binti yangu aliugua. Tulimpeleka hospitali, tulingoja sana, daktari hakuja mapema." Kila kitu kilichopita kilikuwa kimewekwa palipopita. -Li- imesimama, -ku- imesimama, -ja- imekaa pembeni ikisubiri zamu yake. Na zamu ilifika: mtoto amelala sasa, alisema, lakini hajapona. Kosa lile nililokataa kulitibu lilikuwa limetibiwa bila mimi.

Nilibisha hodi kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Wote walisimama. Mdogo wangu alinikumbatia na kunisukumia mto nikae. Aliuliza kama nimekula, nikasema nimekula, ingawa tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nilimpa mama wa madera pole ya mgonjwa, naye akanishukuru vizuri. Kisha nilishindwa kujizuia. Nilijaribu kuliweka swali langu kama mzaha, lakini sauti haikunitii.

"Mama, kwangu hukusema hata neno moja."

Alinitazama usoni, jambo ambalo darasani hakuwahi kulifanya. Alikuwa anapanga sentensi yake, nilimwona akiipanga, na nilijikuta nimeinama mbele kidogo, ile tabia ya mwalimu ya kutaka mwanafunzi apate.

"Nilikuogopa, mwalimu," akasema taratibu. "Niliposema vibaya, wewe ulifunga macho hivi." Akafumba macho na kukunja uso, na wenzake wakainama kuficha kicheko, maana ulikuwa ndio uso wangu hasa. "Sasa sikuogopi."

Nililipekua jibu lile lote kutafuta kosa. -Li- ilikuwa mahali pake. Ku- ilikuwa mimi, mtu aliyeogopwa. Kwenye sikuogopi nilisikiliza mwisho, maana wengi hapo huangukia sikuogopa na kuirudisha nyuma kwenye wakati uliopita. Alikuwa ameigeuza a kuwa i, kama ilivyo kwenye safu yangu ya kwanza. Sikupata pa kushika.

Mdogo wangu alikuwa ameshika birika na hamimini. Mama wa madera alipoona nimenyamaza, alipatwa na wasiwasi kwamba amekosea.

"Nimesema sawa?" aliuliza.

Nilifungua mdomo kumjibu. Lakini alikuwa ameshageuza uso, anamwuliza mdogo wangu.